Mahali pa Kuandika "Itaendelea"

Hadithi yangu ya kwanza ya sehemu tatu niliikata pabaya. Inamhusu Mzee Jumbe, fundi baiskeli wa Ngamiani, Tanga. Mtoto wa miaka 10 anamletea baiskeli izibwe pancha. Mzee anaipindua, na chini ya siti anaona kiraka cha chuma alichokichomelea mwenyewe. Mwanawe aliondoka na baiskeli hiyo miaka 12 nyuma, na siku hiyohiyo pesa za matibabu ya mama yake hazikuonekana.

Nilimalizia sehemu ya kwanza kwa mzee kuuliza, "Umeitoa wapi?" Dada yangu akasoma, akasema, "Si wameinunua kwa mtu." Basi, kwake hadithi ilikuwa imekwisha, maana jibu alishajipa. Nikausogeza mkato mstari mmoja mbele, mtoto akajibu: "Ya baba. Yule pale ng'ambo, ananisubiri." Safari hii dada alitaka sehemu ya pili usiku uleule. Tangu hapo sikati kwenye swali. Nakata kwenye jibu linalozaa swali zito zaidi.

Swali hilo ni deni kwa msomaji, na ulilipe mapema. Rasimu yangu ya sehemu ya pili ilimfanya yule mtu wa ng'ambo awe mgeni tu, nikaifuta. Msomaji aliyesubiri siku tatu angeona amechezewa, na angekuwa na haki. Sasa ni mwanawe kweli, na tunajua kabla aya ya pili haijaisha. Wala sikuweka muhtasari wa yaliyopita. Nilianza hivi: "Mzee Jumbe akavuka barabara na spana mkononi, akimfuata mwenye baiskeli." Aliyekosa sehemu ya kwanza anaingia papo hapo.

Ndoano ya pili, yaani mkato wa kumrudisha msomaji, isifanane na ya kwanza. Ya kwanza ilificha jambo. Hii haifichi kitu. Tunajua mama alishafariki, mzee anajua, mwana hajui. Wanasalimiana, wanakaa kwenye benchi, mzee bado hajapata pa kuanzia, ndipo mwana anauliza: "Baba, mama hajambo?" Itaendelea. Hapa msomaji anarudi kuona mzee atasemaje.

Sehemu ya tatu ndiyo niliyoiandika kwanza, la sivyo zile pesa nisingejua kuzipanda mwanzoni. Mgogoro wa baba na mwana lazima ufungwe humo: wanakwenda makaburini, mzee anamwambia waziwazi kwamba miaka yote alimhesabu mwizi. Ndoano ya mwisho imhusu mtu mwingine, hapa mama, ili iwe mlango wa hadithi mpya na hii isibaki nusu. Mwana anafuta mchanga magotini, anasema, "Zile pesa alinipa mama mwenyewe. Akaniambia nisirudi."

Hadithi ya mama naiandika sasa, na nimeanzia sehemu ya tatu.