Usukani mzito lakini hauhisi kitu

"Nimeweka nguvu ya usukani wangu wa gemu za mbio za magari mwisho kabisa. Ni mzito, ila sihisi gari likianza kuteleza. Nifanyeje?"

Ipunguze ndani ya gemu. Mota ya usukani ikishafika kikomo chake katikati ya kona, haina nguvu iliyobaki ya kukuonyesha tofauti, kwa hiyo tuta la pembeni na tairi linaloteleza vyote vinakuwa uzito uleule. Anza na asilimia 60. Kama gemu linaruhusu, tenga vitufe viwili vya usukani, cha kuongeza na cha kupunguza, urekebishe ukiwa mwendoni kwenye kona ndefu ya kasi. Kila gari lina kiwango chake.

— Mimi naongeza tu mtetemo wa barabara, inatosha.

— Huo nao unabanwa na kikomo kilekile, ndugu. Utazidi kuficha tairi.