Taa ya Sentimita 16

Ramadhani iliyopita, mwezi ukiwa umeandama juzi tu, niliagiza mtandaoni taa ya shaba ya kutundika sebuleni kwetu Kibokoni, Mombasa. Pichani ilining'inia juu ya meza ya watu wanane, mwanga wake umechora nyota ukuta mzima. Bei ilikuwa shilingi 3,800, na saa ikihesabu: ofa imebakiza dakika 12. Nikalipa.

Ilifika Idi imeshapita, ndani ya bahasha ya plastiki kutoka Uchina. Nilipoisimamisha kiganjani haikutimia shubiri. Bati jepesi lililopakwa rangi, halina waya, lina betri ya kidonge. Nilikasirika sana, maana pesa ile niliiweka kwa ajili ya Idi ya watoto.

Nikarudi kwenye tangazo. Chini kabisa, baada ya picha zote, kulikuwa na maneno mawili matatu: kimo, sentimita 16. Nilipolalamika, muuzaji alinijibu kwa upole kwamba vipimo viliandikwa. Kuirudisha ningeipeleka Uchina kwa gharama yangu, la sivyo nipokee asilimia 20 ya pesa na taa nibaki nayo. Maduka ya aina hii hayana ghala wala bidhaa. Ukilipa, mwenye duka ndipo naye huagiza kwa muuzaji wa mbali, akabaki na tofauti ya bei. Wapo wanaofanya hivyo kwa uaminifu, lakini hata hao hawajaishika bidhaa wanayokuuzia.

Kwa hiyo sasa naanza na futi ya cherehani. Natafuta sentimita kwenye maelezo, nazipima mezani, natazama kwa macho yangu. Pasipoandikwa kipimo, siendelei.

Mpwa wangu ndiye aliyenifunza la pili. "Khalati, hebu itafute hiyo picha kwa Google Lens," akaniambia. Taa ileile ikatokea kwenye maduka chungu nzima, kila duka na jina lake na bei yake. Akafungua upya ukurasa wa duka langu, na ile saa ya ofa ikaanza tena dakika 12.

Soma pia muda wa kufikisha mzigo. Duka linalojiita la Mombasa likiandika siku 15 hadi 30, mzigo hauko Mombasa.

Lakini ninalolitegemea zaidi ni kumwomba muuzaji video fupi: bidhaa mkononi, futi kando yake, na karatasi yenye tarehe ya leo. Asiye na bidhaa hawezi kuipiga. Mwezi uliopita nilitaka zulia, nikawaomba wauzaji wawili. Mmoja alinitumia tena picha zilezile za tangazo, kisha akanyamaza. Wa pili alilitandaza sakafuni dukani kwake, akavuta futi pembe hadi pembe, na nikamlipa zulia lilipofika mlangoni.