Dakika 80 zinazoliwa na maelezo

"Walimu wenzangu, nina vipindi viwili mfululizo vya hisabati, jumla dakika 80, lakini kengele hulia wanafunzi wakiwa ndio kwanza wananakili swali la kwanza la zoezi. Ninyi mnagawaje muda?"

Mwalimu mwenzangu, andalio langu nami lilikuwa na dakika 30 za zoezi, ila zilikaa mwishoni, na kila hatua iliyotangulia ilizikopa bila kuzirudisha. Mlaji mkubwa alikuwa usahihishaji wa kazi ya nyumbani, ambao niliupangia dakika 5 nao ukala 15.

Siku hizi napanga kuanzia kwenye kengele nikirudi nyuma. Dakika 8 za mwisho ni za kusahihisha, na 28 zilizo kabla yake ni za kila mwanafunzi kufanya kazi peke yake, kwa hiyo zoezi huanza dakika ya 44 hata kama sijamaliza niliyotaka kusema. Saa yenyewe naiandika kwenye kona ya ubao kabla ya kusalimiana, na wanafunzi hunikumbusha bila huruma.

La pili, zoezi lote silisubirishi hadi wakati huo. Tulipojifunza kutafuta x na y kwa kuondoa herufi moja, nilitumia dakika 6 kwa swali la kukumbushia kutoa namba hasi, kisha 14 kwa maelezo na mfano mmoja tu, na kufikia dakika ya 20 kila mmoja alikuwa peke yake na jozi hii:

2x + 3y = 12
2x − y = 4

Nilipita kati ya madawati nikitazama mstari mmoja tu, ule wa kutoa. Karibu theluthi ya darasa walikuwa wameandika 2y = 8, kwa kuwa walichukua 3y − (−y) kama 3y − y. Wakapata y = 4 na x = 0, majibu yanayokubalika katika mlinganyo wa kwanza lakini yanayotoa −4 katika wa pili. Laiti ningeuliza "mmeelewa?", wote wangeitikia ndiyo. Dakika 16 zilizofuata, kuanzia ya 28, zilikwenda kwenye kosa hilo (jibu sahihi ni y = 2 na x = 3) na kwenye mfano wa pili, ambao unahitaji kuzidisha kwanza.

Mada ikiwa nzito, ninachokata ni huo mfano wa pili, na maswali ya aina yake nayaondoa kwenye zoezi hadi kipindi kijacho. Wachache ambao bado wamekwama ifikapo dakika ya 44 nawakusanya kwenye meza moja, wengine wakiendelea kimya. Maswali nayo nayaandika ubaoni kabla ya somo na kuyafunika kwa karatasi, maana kuyanakili polepole nyuma ya mkono wangu kuliwahi kunila dakika 7 nzima.