Mwanangu, nenda kwa mhasibu na tarehe mkononi

"Baba, shule zinafunguliwa wiki ijayo nami nina elfu kumi na mbili tu. Karo ya muhula wa kwanza ni 26,777, na mwaka jana tulibakisha 6,200. Nikienda kwa mhasibu nimwambie nini anipokelee kidogo kidogo, asimrudishe mtoto nyumbani?"

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na sisi huku hatujambo. Unajua miaka mingi nilikaa upande wa pili wa meza hiyo, nikiwa karani wa hesabu katika shule ya bweni, kwa hiyo nitakueleza mambo yalivyo ndani ya ofisi ile.

Mhasibu hana uwezo wa kukusamehe hata shilingi moja. Usiende kumwomba huruma, wala usimsimulie matatizo yote ya nyumbani, maana wazazi kumi kabla yako wamemsimulia ya kwao. Shida yake ni nyingine. Mwanzo wa muhula ndipo stoo inajazwa: mahindi, maharagwe, mafuta, kuni. Wenye mali hao wanamdai, na fedha za serikali za kila mwanafunzi huja vipande vipande, tena mara nyingi zimechelewa. Anachotaka kujua kwako ni kitu kimoja: pesa zitaingia lini, na kiasi gani. Mzazi anayesema "nitajitahidi, nikipata nitaleta" hana pa kuandikwa. Anayesema "tarehe 10 Februari, 4,500" anaandikwa.

Sasa hesabu yenyewe. Umeniandikia muhula mmoja tu, na hapo ndipo wazazi wengi hukwama. Karo ya mjukuu wangu kwa mwaka ni 53,554, na imegawanywa 50, 30 na 20 kwa mia. Muhula wa kwanza unabeba nusu nzima, 26,777. Wa pili ni 16,066, na wa tatu ni 10,711. Ukimwahidi mhasibu kwamba utamaliza 32,977 kabla ya Aprili, utajikamua hadi ukope, na Mei utafika huna kitu. Mwombe akupangie mwaka mzima. Mshahara wako ni ule ule kila mwezi, ila karo imelundikwa mwanzoni, na mpango wa mwaka ndio unaoisawazisha. Utalipa kidogo kuliko wanavyodai Januari, kisha utaendelea kulipa kiasi kile kile wakati wao wanadai kidogo.

Deni lote ni 53,554 na 6,200 za mwaka jana, jumla 59,754. Hizo 6,200 zitaje wewe mwenyewe kabla hajafungua daftari. Anaziona tayari, na ukizinyamazia atajiuliza ni nini kingine unachoficha.

Kabla hujaahidi kiasi cha mwezi, toa taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu iliyopita, uangalie kwa utulivu ni kiasi gani kilibaki baada ya kodi ya nyumba, chakula na nauli. Ukiona kinabaki kama 6,000, ahidi 4,500. Hizo 1,500 za juu ni za homa ya mtoto na mtungi wa gesi unaoisha ghafla. Mshahara wako huingia tarehe 5, lakini uliwahi kuniambia kuna miezi unaingia tarehe 7 au 8, basi tarehe yako iwe 10. Zamu yako ya chama ni mwisho wa Februari, 10,000. Chama nacho hakikosi wa kuchelewesha, kwa hiyo andika tarehe 5 Machi.

Itakuwa hivi. Kabla ya siku ya kufungua, 12,000. Tarehe 10 Februari, 4,500. Tarehe 5 Machi, 10,000 za chama. Kisha kila tarehe 10, kuanzia Machi hadi Septemba, 4,500. Tarehe 10 Oktoba unamalizia 1,754. Jumlisha mwenyewe, utapata 59,754 kamili.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba mhasibu akiupima muhula kwa muhula, hauachi pengo kubwa. Shule zikifungwa mwanzoni mwa Aprili utakuwa umelipa 31,000 kati ya 32,977, umebakisha 1,977, na malipo ya tarehe 10 Aprili yanazifuta kabla mtoto hajarudi shule. Kufikia tarehe 10 Julai utakuwa umelipa 49,000, na deni la mihula miwili ni 49,043. Umepungua shilingi 43! Hesabu hiyo ifanye mbele yake. Mhasibu anapenda mtu anayejua salio lake.

Usiandike basari kwenye mpango. Ya NG-CDF na ya kaunti ziombe zote mbili, lakini hundi huandikwa kwa jina la shule na hufika inapotaka kufika, pengine katikati ya muhula, pengine muhula mwingine kabisa. Ukiipa tarehe, umeahidi kwa mdomo wa mtu mwingine. Ikija, mwombe aipunguze kwenye malipo ya mwisho, Oktoba kurudi nyuma, ili ya miezi ya karibu yabaki vile vile. Na kwa kuwa fomu za basari hutaka muhuri wa shule, nenda nazo siku hiyo hiyo, usifanye safari mbili.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Iandike kwa mkuu wa shule, kupitia kwa mhasibu, kwa sababu anayekubali ni mkuu na anayeutunza mpango ni mhasibu. Andika namna hii:

"Mimi ni mama wa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu (andika jina lake na nambari yake ya usajili). Ninadaiwa 6,200 za mwaka uliopita na karo ya mwaka huu 53,554, jumla 59,754. Siwezi kulipa karo ya muhula wa kwanza yote kwa pamoja. Nimeajiriwa, na hulipwa mwanzoni mwa mwezi. Ninaomba kulipa kwa awamu, kwa tarehe zilizo hapa chini. Awamu ya kwanza ya 12,000 nimeilipa leo na stakabadhi ya benki nimeiambatisha. Nikiona siwezi kutimiza tarehe yoyote, nitawajulisha kabla haijafika. Ninaomba mwanafunzi aendelee na masomo maadamu ninatimiza mpango huu."

Chini yake panga tarehe na kiasi, moja kila mstari, kisha sahihi yako na nambari ya simu. Acha nafasi ya sahihi ya shule na muhuri. Ona kwamba 12,000 zimelipwa kabla ya ombi. Usiende kuomba ilhali pesa bado ziko kwenye simu.

Usingoje siku ya kufungua. Siku hiyo foleni inafika getini, masanduku yamejaa kila mahali, na mhasibu anatafuta stakabadhi za watu mia. Nenda siku mbili tatu kabla. Ofisi ya hesabu huwa wazi hata walimu wakiwa hawajarudi. Anza kwa kuomba taarifa ya karo ya mtoto. Nimeona zaidi ya mara moja mzazi akidaiwa pesa alizokwisha kulipa, kwa kuwa nambari ya usajili iliandikwa vibaya tarakimu moja na malipo yakaingia kwa mtoto wa mzazi mwingine. Kama zile 6,200 si 6,200, ni heri ujue kabla ya kuweka sahihi.

Akikuambia "haya, tutaona mama", bado hujakubaliwa. Mwulize kwa adabu kama mkuu anaweza kutia sahihi leo, au urudi lini. Akisema kiasi cha mwezi ni kidogo, usikimbilie kukubali 7,000 ili utoke pale salama. Mwonyeshe taarifa yako ya M-Pesa, umwambie unaweza kuongeza mwezi fulani kwa sababu fulani, au useme huwezi. Na akikataa kabisa, omba kumwona mkuu mwenyewe. Baadhi ya shule hupeleka maombi kama haya kwa bodi. Ikiwa hivyo, uliza bodi inakaa lini na mtoto atakuwa wapi mpaka siku hiyo.

Ukipata sahihi, toa nakala nne. Moja yako, moja ya mwalimu wa darasa, na moja ya naibu wa mkuu. Hii ya naibu ndiyo watu huisahau. Orodha ya wanaorudishwa nyumbani hutoka ofisi ya hesabu kama salio tupu: huyu anadaiwa kiasi hiki. Anayeisoma gwarideni hajui kwamba wewe una mpango, na mhasibu siku hiyo huenda yuko benki. Mtoto naye awe na nakala kwenye sanduku lake. Ni kijana mkubwa sasa, ataweza kumwonyesha mwalimu bila kuona haya.

Malipo yote yaende kwenye akaunti ya shule au nambari yao ya malipo, ukiandika nambari ya usajili ya mtoto. Hata mtu wa ofisini akikupa nambari yake ya simu akisema atakuwekea, mkatalie kwa upole. Ukienda siku ya wazazi, beba meseji na stakabadhi za benki, upewe risiti ya shule yenyewe, kwa sababu risiti hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba pesa zimeingia kwa jina la mwanao.

Mwezi utakaokwama, piga simu kabla ya tarehe 10, siyo tarehe 12. Lipa ulichonacho, hata kama ni 2,000, utaje siku ya kumalizia, na umtumie ujumbe mfupi ili kuwe na maandishi. Usiende kukopa kwenye programu za simu ili utimize tarehe. Mkopo wa wiki mbili utaila awamu ya mwezi ujao, na hapo utakuwa umevunja tarehe mbili badala ya moja.

Mimi nina nazi za kuuza, na Mei nikijaaliwa nitakutumia kitu. Kwenye mpango usinitie. Mnunuzi wangu wa nazi hulipa anapopenda, na mamako hapa anacheka kusikia eti mimi ninamwekea mtu tarehe.

Baba yako