Nilivyopandisha bei ya chapo kutoka 13 hadi 15 na kastoma wakabaki

Mimi napika chapati za jumla hapa Nakuru, upande wa Kaptembwo, na kwa sana napelekea vibanda na hoteli ndogo ndogo, wengine wako karibu na steji, wengine Langalanga, halafu kuna manyumba chache zinachukua kumi kumi wikendi. Juzi dada mmoja anayeuza mandazi aliniuliza eti unaambiaje mtu amekununulia miaka minne kwamba bei inapanda bila akuhame. Nikamwambia keti kwanza nikuambie vile nilikosea, ndio uelewe kwa nini siku hizi nafanya hivi.

Mara ya kwanza sikuambia mtu. Unga ulipanda kidogo nikaona aibu kusema, so nikapunguza donge. Pakiti ya kilo mbili kwangu inatoa chapati 24, nikaanza kutoa 28, nikasema nani atajua? Siku ya tatu nimefika kwa mzee mmoja wa kibanda, kastoma wangu wa kitambo sana, nikamkuta ametoa chapati moja iliyobaki ya wiki iliyopita, sijui alikuwa ameiweka wapi, akailaza chini na ya leo akaiweka juu. Ya chini ikawa inachungulia pande zote. Akaniangalia akasema, "Mama, chapo zako zimeanza kufunga?" Watu wa kibanda wakacheka mpaka mimi nikacheka lakini roho ilikuwa imeshuka kwa viatu. Kilichoniuma zaidi ni vile aliendelea kusema pole pole, kwamba yeye kastoma wake wanamlaumu yeye, si mimi, kwa sababu sura wanaona ni yake. Nilirudisha donge kesho yake, lakini ilinichukua muda mrefu kabla aache kuzishika shika zile chapo kabla ya kulipa.

Sasa ikafika 2022. Vita ya Ukraine ilianza Februari, na ngano kibao inayoingia Kenya ilikuwa inatoka huko Ukraine na Urusi, halafu mafuta ya kupika nayo yakaenda juu, Aprili Indonesia wakafunga mafuta ya mawese yasitoke nje, basi kila nikienda duka la jumla bei ni ingine. Belo ya unga, zile pakiti kumi na mbili, niliyokuwa nanunua 1,680 ikafika 2,160. Mtungi wa mafuta wa lita 20 ukatoka 4,400 ukaenda 5,800. Nikasema safari hii sitacheza na donge.

Kitu cha kwanza nilifanya ni kukaa na kalamu usiku, na hii ndio watu wanaruka halafu wanapandisha kwa hasira. Belo moja kwangu ni chapati 288. Unga umeongeza shilingi 480, gawa kwa 288, hiyo ni kama 1.67 kwa kila chapo. Mafuta natumia karibu lita tatu kwa belo, ya kukanda na ya kuchoma, na kila lita imeongezeka 70, so 210, ambayo kwa chapo moja ni senti 73 hivi. Jumla 2.40. Makaa ilikuwa bado haijasonga, so sikuihesabu. Nilikuwa nauza 13 kwa vibanda. Ningeweza kusema 16 na nisingizie vita, na kuna wenzangu walifanya hivyo, lakini kastoma wa kibanda naye ananunua unga na mafuta yake, anajua bei, ukimwongezea tatu wakati hesabu inasema mbili na kitu atakupata tu. Nikaamua 15, zile senti 40 nikameza.

Lakini wacha nikuambie kitu ambacho sikukijua mara ya kwanza. Mtu wa kibanda hawezi kupandisha vile mimi napandisha. Mimi naweza kuongeza mbili. Yeye anauza chapo 20, na juu ya 20 hakuna bei rahisi, 22 itamletea shida ya chenji kila dakika, na 25 mwanafunzi na fundi wataruka waende kwa jirani. So mimi nikiongeza mbili, yeye faida yake inatoka saba inakuwa tano na hana pa kuipeleka. Ukienda kumwambia bei bila kufikiria hiyo, unamwambia tu apoteze kastoma au apoteze pesa. Hapo ndipo watu wanahama, si kwa sababu ya ile mbili.

So kabla sijatuma meseji yoyote nikatembea kwanza. Ijumaa, Mei 20, saa tisa hivi, kwa sababu saa hiyo lanchi imeisha na mwenye kibanda ameketi anahesabu, hana foleni. Nilianza na wale wakubwa, wale wanachukua 50 na zaidi kwa siku, kwa sababu mtu kama huyo kusikia kwa simu ni matusi. Nikabeba risiti mbili, ya belo ya zamani na ya juzi. Sikuzitoa kwa haraka, nilisalimia, tukaongea ya watoto, ndio nikasema, "Mzee, kuna jambo nimekuja kukuambia mwenyewe kabla ulisikie kwa mtu." Yule mzee wa chapo zilizofunga aliziangalia risiti, akanirudishia, akauliza swali moja tu: "Na ukubwa?" Nikamwambia ukubwa haubadiliki, ni 24 kwa pakiti, upime wakati wowote. Akasema basi.

Tukaanza kuongea ya bei yake sasa. Yeye anauza chapo mbili na madondo 70. Nikamwambia chapo ikiuzwa peke yake iache 20, lakini ile sahani ipeleke 80, kwa sababu mtu wa sahani anaangalia kushiba, hahesabu chapo moja moja. Kwa sahani hiyo mimi nimemwongezea nne, yeye ameongeza kumi, inabaki sita ya maharagwe na mafuta yake ambayo pia yalikuwa yamepanda. Si kila kibanda itaweza hii, wale wanauza chapo na chai pekee asubuhi waliumia, na nilikubali hivyo mbele yao, sikujifanya nina dawa.

Wengine wote niliwatumia meseji Jumatatu iliyofuata, Mei 23, wiki mbili kamili kabla bei ianze. Usiweke kwa grupu, aki usiweke. Kwa grupu mmoja akilalamika kumi wanamfuata hata wale walikuwa wameshakubali. Kuna ile ya WhatsApp ya kutuma meseji moja kwa watu wengi na kila mtu anaipata kivyake, tumia hiyo, lakini ujue kama mtu hajasevu namba yako haimfikii, so pitia majina, wale hawakujibu wapigie. Mimi nilipata watatu ambao hawakuwa wameona kitu.

Meseji yenyewe ilikuwa hivi:

"Habari yako mama. Kuanzia Jumatatu tarehe 6 Juni chapo itakuwa 15 badala ya 13. Belo ya unga imetoka 1,680 ikawa 2,160 na mafuta lita 20 imetoka 4,400 ikawa 5,800. Ukubwa haubadiliki. Oda ya kabla ya tarehe 6 ni bei ya zamani, na kama ushalipia mbele utapata kwa bei uliyolipia. Anayechukua 50 na kulipa siku hiyo hiyo namwongezea chapo mbili. Ukiwa na swali nipigie mimi mwenyewe. Asante kwa kuniamini."

Angalia vile bei iko juu kabisa. Nimeona watu wanaandika aya tatu za shukrani na Mungu na safari tulikotoka, mtu anasoma roho ikimdunda akingoja ubaya uko wapi, mwisho anapata bei huko chini kama nyoka kwa majani. Sema bei, sema siku, halafu sababu. Na sababu iwe ya kazi. Mara moja nilimwambia mama mmoja kwamba pia karo imenibana, akanijibu kwa upole sana, "Na ya wangu tumwambie nani?" Alikuwa na haki. Shida zako za nyumbani kila mtu anazo, lakini bei ya unga mnaumia pamoja.

Ile nyongeza ya mbili ilikuwa ya kusaidia pande zote. Ukichukua 50 kwa 15 ni 750, ukipata 52 ni kama umenunua 14.40 hivi. Mimi naumia kidogo lakini naepuka deni, na deni ndiyo ilikuwa inanimaliza kuliko unga. Nikaiandika wazi kwa sababu ukimpunguzia mmoja kichinichini, watu wa vibanda wanaongea, jioni wote watakuwa kwa mlango wako wakidai ya huyo.

Shida ilitokea mahali sikufikiria. Kijana wangu wa boda, anayepeleka asubuhi, sikuwa nimemwambia vizuri. Kastoma mmoja akamuuliza mbona bei imepanda, akajibu, "Hata sijui, bosi ameamua tu." Huyo kastoma alinipigia amewaka. Ilibidi niende mwenyewe na zile risiti. Sasa siku hizi nikibadilisha kitu naanza na kijana, namwambia aseme mambo mawili, unga na mafuta, na akiulizwa zaidi aseme nipigiwe.

Kati ya vibanda 14 wawili walihama. Mmoja alipata mtu wa 13, akarudi baada ya mwezi, sikumuuliza kitu, nilimpelekea tu kama kawaida na nyongeza yake. Mwingine hakurudi, na kusema ukweli alikuwa ananilipa Ijumaa ya wiki ijayo kila wiki. Manyumba ya wikendi nilitoa 180 kwa kumi nikafanya 200, huko hakuna aliyesema kitu, mmoja alijibu na emoji ya chapati, sijui hata kama iko ama ni pizza.

Kitu sikuandika kwa meseji ni kwamba bei itarudi. Watu hupenda kuongeza hiyo ndio ionekane si mbaya. Mafuta yalipokuja kushuka baadaye, unga ulikuwa bado uko juu, sasa ningekuwa nimeahidi ningesema nini? Nilichofanya ni kuongeza nyongeza kutoka mbili ikawa tatu, na nikawaambia kwa nini, vile vile na risiti.

Ile asubuhi ya tarehe 6 nilipita kwa mzee mwenyewe, nikakuta ameandika kwa ubao na chaki: CHAPO MADONDO 80. Chini yake kwa herufi ndogo: sababu muulize mama wa chapati, yuko na risiti.