Nani anaongoza kundi la tembo?

"Kundi la tembo linaongozwa na dume kubwa? Na ndama akifiwa na mama, majike wengine wanamnyonyesha?"

Hapana, anayeongoza ni jike mzee, mara nyingi bibi au mama wa wengi waliomo. Madume huondoka wakishabalehe. Anayesema kiongozi ni "mwenye mwili mkubwa" amepatia nusu, kwa sababu tembo huendelea kukua kwa miaka mingi, hivyo mzee mara nyingi ndiye mkubwa. Lakini wanachomfuatia ni kumbukumbu yake. Ukame wa 1993 kule Tarangire ulionyesha hilo: koo zilizotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho zilipoteza ndama wachache kuliko ukoo uliobaki ndani. Watafiti walidhani viongozi wa zile zilizotoka walikuwa na umri wa kuukumbuka ukame wa 1958 hadi 1961, ingawa huwezi kumuuliza tembo anakumbuka nini.

Kulea ni kwa pamoja, kunyonyesha si sana. Wanaoshinda na ndama ni majike wadogo ambao bado hawajazaa: wanamwinua akianguka, wanamkimbilia akilia. Ndama huwanyonya pia, ila hawana maziwa, anatulia tu. Mwenye maziwa kwa kawaida humpa wa kwake. Ndiyo maana yatima wa chini ya miaka miwili ni nadra kupona porini, hata akizungukwa na shangazi kumi.