Kama yote ni ya kimaandiko, hubiri la "kimaandiko" ni lipi?

*Mwalimu, nahubiri kwa Kiswahili hapa Busia, upande wa Uganda, nina miezi minne tu tangu nianze. Mzee wetu wa kanisa ameniambia nichague: hubiri la mada, la kimaandiko au la ufafanuzi. Lakini mimi kila ninachohubiri nakitoa kwenye Maandiko. Sasa hilo la kimaandiko ni lipi, na nitachaguaje?*

Neno lililokukwaza, ndugu yangu, lingemkwaza yeyote anayesikiliza Kiswahili kwa makini. Ukisema jambo ni "la kimaandiko", msikilizaji anaelewa kwamba linakubaliana na Maandiko. Kinyume chake ni jambo lisilokubaliana nayo. Kwa hiyo mzee akikupa orodha yenye "la mada" upande mmoja na "la kimaandiko" upande wa pili, ni kama amekuambia la mada halina Biblia ndani yake. Hakukusudia hivyo. Alikuwa anatafuta jina la hubiri linalosimama juu ya andiko moja fupi, aya moja au mbili basi. Mimi huliita hubiri la aya. Wengine husema la mstari, na Waadventista utawasikia wakisema fungu. Chukua lolote kati ya hayo, ila "kimaandiko" liachie kazi yake ya kawaida.

Majina yakishakaa sawa, tofauti yenyewe haitoki kwenye urefu wa somo wala kwenye idadi ya aya utakazosoma. Jiulize swali moja: pointi zangu zimetoka wapi? Katika hubiri la mada, wewe ndiye unayeanza na jambo, unaligawa unavyoona linagawika, kisha unakwenda kutafuta sehemu mbalimbali za Biblia zinazolizungumzia. Katika hubiri la aya, maneno ya ile aya ndiyo yanayokupa pointi kuu, na kuzikuza unaruhusiwa kutoka nje ya aya. Katika hubiri la ufafanuzi, kifungu kizima kinakupa wazo kuu, pointi, na hata vile vijipointi vilivyo chini yake. Wewe unafuata tu.

Tuchukue Zakayo, Luka 19:1-10, tumpitishe kwenye aina zote tatu.

Kwa mada, tuseme umeona vijana wa kanisani wameokoka lakini wana mali za watu mikononi. Mada yako ni kurudisha kilichoibwa. Unakwenda Hesabu 5:7, ambako mkosaji anaungama, analipa kamili na kuongeza sehemu ya tano. Unakwenda Kutoka 22:1, mwizi aliyechinja au kuuza analipa ng'ombe watano kwa ng'ombe mmoja na kondoo wanne kwa kondoo mmoja. Hapo ndipo Zakayo anaingia, kwa sababu ile "mara nne" yake ni hesabu ya mwizi wa kondoo. Angeweza kujitetea kwa sehemu ya tano, lakini amejipimia kipimo kizito. Unamalizia na Waefeso 4:28, aliyekuwa akiiba afanye kazi kwa mikono yake apate cha kumgawia mhitaji. Hilo ni hubiri zuri. Lakini Zakayo hapa ni shahidi mmoja kati ya wanne, na mti, umati, kumkaribisha mgeni, vyote umeviacha nje.

Hatari ya hubiri la mada ni kwamba mhubiri huwa tayari anajua atakachosema kabla hajafungua Biblia. Nilikaa mahali fulani Kampala nikisikiliza mada hiihii ya kurudisha mali. Tulianza vizuri, tukafika Malaki 3:8, "Je! Mwanadamu atamwibia Mungu?", na kuanzia hapo mpaka mwisho tulikuwa kwenye zaka. Kapu likapita. Jirani aliyeibiwa hakutajwa tena. Ukitaka kujua kama umeangukia shimo hilo, funika marejeo yote kwenye karatasi yako kwa mkono, usome pointi peke yake. Kama pointi ingesimama vilevile bila aya yake, basi aya uliiweka kama pambo.

Sasa hubiri la aya. Chukua Luka 19:10 peke yake: "Kwa kuwa Mwana wa Adamu alikuja kutafuta na kuokoa kile kilichopotea." Aya imejigawa yenyewe. Alikuja, kutafuta, kuokoa kilichopotea. Pointi tatu, na hakuna hata moja uliyoitunga. Kwenye "kutafuta" unaweza kutoka nje ukamchukua mchungaji wa Luka 15 aliyewaacha kondoo tisini na tisa. Dakika kumi na tano zinatosha, na ndiyo sababu aina hii inafaa kwenye matanga, kwenye ibada ya asubuhi, au kwenye mkesha ambapo wahubiri ni wanne na kila mmoja amepewa kipande chake cha usiku.

Ila hubiri la aya linaegemea neno mojamoja, na hapa ndipo mimi mtu wa lugha napata mchecheto. Angalia aya ya 5 katika Biblia ya tafsiri ya Muungano: "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Nimesikia neno hilo likihubiriwa kama ushindi. Leo Yesu anashinda nyumbani mwako, anashinda umaskini, anashinda wachawi, semeni amina! Na watu wakasema amina. Lakini kushinda hapo ni kukaa kutwa. Ni kushinda kwa "umeshindaje?", salamu ya jioni. Yesu anamwambia mtoza ushuru kwamba leo atakuwa mgeni wake, na kitendo hicho ndicho kilichowafanya watu wanung'unike kwenye aya ya 7. Ukiligeuza kuwa ushindi, manung'uniko yao hayana maana tena, kwani nani angelalamika kwa ushindi? Hiyo ndiyo njia rahisi ya kujikagua: tafsiri yako ya neno ikiwafanya watu wa aya inayofuata waonekane wajinga, rudi ukaliangalie neno upya.

Mganda asingeanguka hapo kwa urahisi. Kukaa kutwa kwa Kiganda ni *okusiiba*, kushinda vita ni *okuwangula*, maneno mawili mbalimbali kabisa. Kiswahili kimeyatia yote kwenye chungu kimoja.

La ufafanuzi ndilo linalodanganya wengi kwa jina lake. Kufafanua ni kufanya jambo liwe wazi, basi mhubiri anadhani akisoma aya na kuieleza, kisha inayofuata na kuieleza, amefafanua. Akimaliza, wasikilizaji wameondoka na maelezo kumi yasiyoshikana. Mwingine anasoma aya zote kumi kwa sauti nzuri, anafunga Biblia, halafu anahubiri yake. Hilo ni la mada lililovaa koti la ufafanuzi.

Kazi yenyewe huanza kwa kusoma kifungu mara nyingi ukiwa na kalamu, ukipigia mstari kinachojirudia. Kwa Zakayo utaona neno "leo" limekuja mara mbili: leo imenipasa kushinda kwako, aya ya 5, na leo wokovu umefika nyumba hii, aya ya 9. Utaona pia kwamba katika aya ya 3 Zakayo ndiye anayetafuta, anatafuta kumwona Yesu, na katika aya ya 10 anayetafuta ni Mwana wa Adamu. Hadithi ilianza na mtu mfupi anayetafuta, ikaisha tukijua yeye ndiye aliyekuwa anatafutwa. Hapo umepata wazo kuu bila kulitunga. Pointi zinafuata mwendo wa kifungu: anayetafuta anazuiwa na umati (1-4), anayetafutwa anaitwa kwa jina (5-7), na aliyepatikana anafungua mkono (8-10). Vijipointi vimo humohumo. Chini ya pointi ya kwanza una ufupi wake, umati, na mkuyu. Mkuyu ni ndugu wa mutuba, ule mti wanaotengenezea magome ya kuvaa Buganda, kwa hiyo wasikilizaji wako hawahitaji maelezo marefu jinsi mtu anavyopanda.

Ufafanuzi pia unakulazimisha kukutana na mambo ambayo ungeyaruka. Zakayo anasema "nusu ya mali yangu nawapa maskini". Hilo "nawapa" linaweza kuwa jambo analoliamua sasa hivi, au mazoea yake ya siku zote, na wasomi wa Biblia wamelijadili hata kwenye Kiyunani chake. Mwenye hubiri la mada hana haja ya kuamua. Wewe unayefafanua huna pa kujificha. Mimi naona ni uamuzi wa siku ile, kwa sababu ya "leo wokovu umefika" inayofuata mara moja, na kwa sababu ya "kilichopotea" katika aya ya 10. Geuza pia ukurasa nyuma: Luka 18:18-25 kuna tajiri mwingine aliyeambiwa auze vyote akahuzunika sana. Luka amewaweka karibu.

Kuhusu kuchagua, tazama kwanza kilichokupeleka mimbarini. Kama ni swali la watu ambalo hakuna kifungu kimoja kinacholijibu lote, mathalani madeni au mahari, chukua mada. Kama ni muda mfupi na unataka watu waondoke na sentensi moja kichwani, chukua aya. Kama utasimama hapohapo Jumapili baada ya Jumapili, chukua ufafanuzi. Tena itakuokoa na ile Jumamosi usiku ya kutafuta cha kusema, maana kifungu cha wiki ijayo kinakungoja pale ulipoishia. Nisikufiche kwamba ufafanuzi una gharama. Hubiri la Zakayo kwa namna hii lingenichukua jioni tatu.

Na kama unahubiri na mkalimani, kama ilivyo makanisa mengi huku kwetu, gawa muda wako kwa mbili kabla hujachagua. Dakika arobaini ni ishirini zako na ishirini zake. Aya kumi za ufafanuzi hazitaingia humo. Kata kifungu, chukua 1-7 wiki hii na 8-10 ijayo. Hubiri la aya linaingia vizuri, mradi huegemei neno ambalo lugha ya pili haina mfano wake. Ukihubiri Zakayo, mkute mkalimani wako mapema, umwonyeshe aya ya 5, umwambie: hii ni *okusiiba*.